UZI: Boksi la herufi kwa Kiswahili, mbona maneno yanagoma kuungana? Wa Chuga na Moshi mje tusaidiane

mwl_kijenge:
Wakuu habari za jioni. Kuna kagemu kako kwenye simu, kanatolewa na gazeti la New York Times, kanaitwa Letter Boxed. Unapewa mraba, kila upande una herufi tatu, jumla 12. Unatunga neno kwa kuruka toka upande mmoja kwenda mwingine, yani herufi mbili zinazofuatana haziruhusiwi kutoka upande mmoja. Neno liwe na herufi tatu kwenda juu, na neno linalofuata lazima lianze na herufi ile ile iliyomaliza neno lililopita. Unashinda ukishatumia herufi zote 12, herufi unaweza kuirudia hata mara kumi hakuna tatizo, na maneno yakiwa machache ndo ujanja wenyewe.

Sasa mimi hapa Kijenge nina madogo nawafundisha tuisheni jioni, nikasema ngoja niwachoree ubaoni kwa Kiswahili. Nikaweka hivi:

juu: A K W
kulia: I T M
chini: U N B
kushoto: O S L

Aisee nusu saa nzima ni kelele tu. Dogo mmoja kasema "watu", haipiti, W na A upande mmoja. Mwingine "kitabu", haipiti. "Mtu", haipiti. "Soma", haipiti. Wakaniambia ticha hili boksi lako ni bovu. Na hata tukipata neno linalopita, la pili hatulipati, tulianza na "bata" tukaenda "asali" halafu I tukakwama hapo mpaka mvua ikaanza tukaahirisha. Shida ni mimi au ni Kiswahili chenyewe?

babu_kahawa:
Kijana sanduku la barua linalipiwa kwa mwaka, nenda posta pale Klok Tawa uulize dirishani, mimi langu nilikuwa nalo tangu enzi za chama cha ushirika na funguo nilipoteza nikatengenezewa nyingine. Usikubali mtu wa kati.

dada_mbauda:
😂😂😂 Babu shikamoo. Sio sanduku la posta babu, ni mchezo wa maneno.

babu_kahawa:
Marahaba. Basi nimesoma haraka. Endeleeni nasikiliza.

Binamu_Soweto:
Mwl tatizo lako hujapanga irabu vizuri. Kanuni ni kila upande irabu moja, ili mtu asikose pa kurukia. Nimecheza ile ya Kingereza miaka, niamini mimi.

mwl_kijenge:
Binamu angalia tena boksi langu, kila upande una irabu moja. A juu, I kulia, U chini, O kushoto. Nimefanya hivyo hivyo unavyosema na ndo limegoma.

Binamu_Soweto:
Ah kweli. Basi herufi ulizochagua mbovu 😅

mangi_wa_majengo:
Mwl herufi zako sio mbovu hata kidogo, boksi linafunguka, jibu nitakupa chini. Ila mpangilio unaua Kiswahili, ngoja nieleze maana huu mchezo nimeuchezea sana kwenye daftari nikiwa kwenye basi Moshi Arusha kurudi kila wiki.

Kiswahili kinatembea konsonanti irabu konsonanti irabu, ki ta bu, so ma, wa tu. Sasa ukiweka irabu moja kila upande, kila konsonanti inakaa nyumba moja na irabu fulani na haiwezi kugusana nayo, mbele wala nyuma. Kwako A imekaa na K na W, kwa hiyo "ka", "wa", "ak", "aw" vyote vimekufa. I imekaa na T na M, umeua "ti" na "mi" na "it" na "im", ndo maana kitabu kimekatika pale katikati. U na N na B, O na S na L, hivyo hivyo. Hesabu jozi zilizokufa ni nane, na sio jozi za ajabu ajabu, ni zile tunazoongea nazo kila siku. Wa- ya watu, mi- ya miti, ka- ya masimulizi, zote chali. Halafu juu ya hapo umeweka T na M pamoja, umezika mtu, mti, mto na mtoto kwa mkupuo.

Kingereza hakiumii hivyo kwa sababu maneno yao yana konsonanti zinazogongana nyingi na irabu zinatamkwa na kuandikwa kila namna, ukizuiwa huku unapita kule. Sisi ukizuiwa "wa" umezuiwa.

Dawa yangu: irabu tatu ziweke upande MMOJA. Upande mzima irabu tupu. Hapo kila konsonanti ya pande zingine tatu inazifikia zote tatu bila shida, unaruka kwenda kwenye irabu unarudi, kwenda unarudi, kama daladala.

Binamu_Soweto:
Hapo nakupinga mangi. Ukiweka irabu pamoja umeua "nguo", umeua "kiu", "tia". Kiswahili kina maneno kibao ya irabu mbili zinafuatana.

mangi_wa_majengo:
Binamu hapo una haki yako, nguo inakufa kweli kama U na O zimekaa pamoja. Lakini pima hasara. Nguo, kiu na wenzake ni maneno ya kuhesabika, "wa" na "ma" na "ka" ni nusu ya kamusi. Na unaweza kuweka irabu nne, tatu upande mmoja halafu A ukaitoa nje peke yake, hapo "tia", "vua", "lia" zinapita. Zile zenye irabu moja mara mbili kama saa, kaa, juu, jogoo, mguu hizo usizililie, haziwezi kupita kwenye boksi lolote duniani kwa sababu herufi moja iko upande mmoja na yenyewe.

chalii_wa_sakina:
Oya mangi lakini hujajibu swali la pili la ticha. Kwa nini neno la pili halipatikani?

mangi_wa_majengo:
Chalii nilikuwa nakuja huko, nilikuwa nahudumia mteja.

Taja neno lolote la Kiswahili. Linaishia na nini? Irabu. Neno linalofuata lazima lianze na herufi hiyo, maana yake lazima lianze na irabu. Kwa hiyo kwenye mnyororo wako wote ni neno la KWANZA tu ndo linaruhusiwa kuanza na konsonanti. Kitabu, meza, samaki, ndizi, vitenzi vyote vya ku-, vyote hivyo kama hukuvitumia mwanzo basi huna tena nafasi ya kuvitumia. Wale madogo walikuwa wanakaa wanatafuta maneno ya konsonanti kwa mazoea tu, wakati mlango wa konsonanti ulishafungwa kwenye neno la kwanza.

Sasa irabu nazo hazilingani. Ukiishia A unapata asali, akili, ajali, alama, askari, sio mbaya. Ukiishia I ni shida, mengi ni ya kukopa, imani, idadi, ishara, insha. E kuna elimu, embe. O kuna ombi, orodha, na vitenzi kama ona. Lakini ukiishia U umefika mjini, ngeli nzima iko hapo, ugali, unga, ukuta, ujinga, ugonjwa, utani, ushirika, uvivu, chukua unachotaka. Kwa hiyo mchezaji mzoefu hatafuti neno refu la kwanza, anatafuta neno refu linaloishia U. Zile sifa za -vu na -fu ni dhahabu: mvumilivu, mtulivu, mkunjufu. Na ukikwama kwenye A au E kuna maneno ya kukuvusha mpaka U, "adabu" inaanza A inaishia U, "elimu" inaanza E inaishia U. Hayo niliyaandika nyuma ya daftari.

dada_mbauda:
Kha! Miaka yote nasoma Kiswahili sijawahi kuona hilo la neno la kwanza. Ila "maalum" inaishia M mbona

mangi_wa_majengo:
Dada umenikamata vizuri, ila maalum ina aa imekufa kabla haijafika mwisho 😄 Zipo chache zinazookoka, "takriban" na "hususan" zinaishia N, hizo zikikaa kwenye boksi zinafungua mlango wa konsonanti tena. Nimewahi kuziwinda, ni nadra sana.

mwl_kijenge:
Mangi umesema boksi langu linafunguka. Usituache hewani.

mangi_wa_majengo:
Linafunguka kwa maneno matano, kwa tabu:

WINO, OMBI, IKULU, UKUTA, ASALI.

Fuatilia kwa kidole. Wino inaleta W I N O, ombi inaongeza M na B, ikulu inaongeza K U L, ukuta T na A, asali inabeba ile S iliyobaki. Kumi na mbili. Mwenye manne alete.

chalii_wa_sakina:
Ikulu ni jina la pale Magogoni bana, jina mahususi haliruhusiwi. Jibu batili!!

Binamu_Soweto:
Ikulu ni nomino ya kawaida, ni makazi ya mkuu wa nchi, kila nchi ina ikulu yake. Ndo maana unasema "ikulu ya Marekani".

chalii_wa_sakina:
Unaiandika kwa herufi kubwa au ndogo?

Binamu_Soweto:
Inategemea.

chalii_wa_sakina:
Haya.

mwl_kijenge:
Msigombane. Mangi sasa nataka nitengeneze boksi zuri la Jumatano, natengenezaje? Nichague herufi au nichague maneno?

mangi_wa_majengo:
Maneno mwl. Anza na jibu urudi nyuma. Tafuta maneno mawili, la kwanza linaishia kwa herufi inayoanza la pili, na ukiyachanganya herufi tofauti ziwe 12 kamili. Hapo ndo kazi, utakaa na karatasi saa nzima unapata 11 au 13. Ukishapata, andika jozi zote zinazogusana kwenye hayo maneno mawili. Kisha gawa herufi kwenye pande nne, tatu tatu, kwa sharti kwamba hakuna jozi hata moja iliyokaa pamoja. Anza na irabu zako upande mmoja, halafu zinazobaki sukuma sukuma mpaka zitulie.

Hili nililitengeneza jana, jibu sisemi:

juu: U I O
kulia: A M J
chini: T N L
kushoto: G W V

Lina jibu la maneno mawili. Ingieni.

dada_mbauda:
Nimepata ugali, unga, mlango, wingu, mvulana, mwanga. Hapo tu nishaona tofauti na lile la mwanzo, maneno yanakuja yenyewe. Lakini "mama" imekataa, na "maji" imekataa??

mangi_wa_majengo:
M na A wako pamoja dada. Hiyo ndo kasoro ya boksi langu nakiri, nimeua ma- nzima.

chalii_wa_sakina:
NIMEPATAAA. Maneno matatu. MWALIMU, UGONJWA, ATAVUNJA. M W A L I U, halafu G O N J, halafu T na V. Kumi na mbili! Ticha nipe zawadi

mwl_kijenge:
Hongera chalii... subiri. Mwisho wa atavunja kuna J halafu A. Ziko upande mmoja kulia.

chalii_wa_sakina:
Daaah. Herufi ya mwisho kabisa jamani

mangi_wa_majengo:
Kosa hilo tunalifanya wote, mwanzoni unakagua kila hatua, ukifika mkiani furaha inakuzidi unaacha kuangalia. Mimi nakagua kuanzia nyuma, nasoma neno kinyumenyume jozi kwa jozi, hapo jicho halidanganywi na maana ya neno. Ila chalii ulikuwa karibu, badilisha kitenzi tu.

chalii_wa_sakina:
ATAVUNA!! a-t-a-v-u-n-a. Kulia chini kulia kushoto juu chini kulia. Inapita.

Binamu_Soweto:
Sikubali. "Atavuna" sio neno, ni sentensi. Nani atavuna? Yeye atavuna. Kwenye kamusi utakuta "vuna" basi.

chalii_wa_sakina:
Imeandikwa pamoja bila nafasi, ni neno. Kwani wewe ukiandika unaacha nafasi a ta vuna?

mangi_wa_majengo:
Huu ugomvi hauna mwisho, kijiweni kwetu tumeshauvunjia vikombe. Ukiruhusu vitenzi vilivyonyambuliwa na viambishi vyake, mchezo unakuwa mteremko, kwa sababu kila kitenzi kinaweza kuanza na A au U au I, anavuna, utavuna, inavunwa, ule ugumu wote wa irabu niliousema unayeyuka. Ukikataa, mchezo unabaki na nomino na sifa na vitenzi vikavu, na I inakuwa ukuta kabisa. Mimi kwenye daftari nakataa. Ila kwa watoto wa tuisheni labda uruhusu kimoja tu kwa mchezo. Mwl utaamua.

fundi_kompyuta_Moshi:
Nimechungulia huu uzi usiku nikashindwa kulala. Msitumie macho, andikeni kakodi ka kukagua. Hiki ndo cha boksi la mangi:

```python
pande = ["uio", "amj", "tnl", "gwv"]
upande = {h: i for i, p in enumerate(pande) for h in p}

def halali(neno):
    if len(neno) < 3 or any(h not in upande for h in neno):
        return False
    return all(upande[x] != upande[y]
               for x, y in zip(neno, neno[1:]))
```

halali("atavunja") inarudisha False, halali("atavuna") inarudisha True. Ukiwa na orodha ya maneno unayachuja kwanza na hii, yanabaki machache sana, halafu unajaribu kila neno na kila neno:

```python
for a in maneno:
    for b in maneno:
        if a[-1] == b[0] and len(set(a + b)) == 12:
            print(a, b)
```

Chalii pole.

mwl_kijenge:
Fundi hiyo orodha ya maneno unaitoa wapi?

fundi_kompyuta_Moshi:
Hapo ndo umenishika pabaya. Nilichukua maandishi ya habari nikakata maneno yote, ikanitolea "wanavyolalamika" na "nilipoona" na majina ya watu na ya vijiji humo humo. Kompyuta haijui lipi neno lipi sentensi, inarudi kwenye ugomvi wenu ule ule. Inabidi mtu akae achambue kwa mkono.

dada_mbauda:
Swali jamani, "sh" na "ch" zinahesabiwa herufi moja au mbili? Na "ng"? Maana mtoto wangu shuleni anafundishwa sauti moja.

mangi_wa_majengo:
Mimi nahesabu kama inavyoandikwa, mbili. Kwa hiyo ukiwa na "ng" kwenye jibu lako N na G lazima zitengane, ndo maana kwangu N iko chini G kushoto. Kuna jamaa wa Himo anaweka "ch" kama kigae kimoja, C peke yake kwa Kiswahili haina kazi kabisa, kwa hiyo ana hoja. Sijashawishika ila sijampinga.

Binamu_Soweto:
Mangi, kwa nini usihamishe M kutoka kwa A ili "mama" ipone? Badilisha M na V. Kulia ibaki A V J, kushoto G W M.

mangi_wa_majengo:
Nilijaribu hiyo. Mama inapona, ila M inakaa na W, umeua mwalimu, mwanga, mwili, mtumwa. Na maji bado imekufa kwa sababu ya A na J. Chini nako siwezi kuipeleka, T iko kule na jibu langu lina M na T zimegusana.

dada_mbauda:
Zimegusana M na T, asante kwa kutuambia 😏😏 Sasa hapo neno la kwanza linaanza mt, au lina mt. Na linaishia U kama ulivyotufundisha. Mt... u. Mtu, mtukufu, K hakuna. Mtungu. Mtu...livu.

MTULIVU. M T U L I V. Zimebaki A J G O N W. Inaanza na U.

UGONJWA!!!!!

MTULIVU, UGONJWA. m-t, t-u, u-l, l-i, i-v, v-u, u-g, g-o, o-n, n-j, j-w, w-a. Zote nimekagua kinyumenyume mangi usinisumbue.

mangi_wa_majengo:
Umelifungua dada. Nimejichoma mwenyewe kwa mdomo.

chalii_wa_sakina:
Ugonjwa nilikuwa nao tangu mwanzo, mwalimu ndo kanipoteza

babu_kahawa:
Nimesoma yote. Mimi kwenye lile boksi la kwanza la mwalimu nimepata MBONI. Baada ya hapo naanza na nini?

mangi_wa_majengo:
Babu umeishia I. Ila si una ILA: I kulia, L kushoto, A juu. Kisha ASALI inakurudisha I tena, utazunguka hapo mpaka kahawa ichemke. Jaribu kuiweka IKULU kama chalii atakuruhusu.

babu_kahawa:
Namruhusu mwenyewe.

mwl_kijenge:
Jumatano nawapelekea madogo lile la MTULIVU, vitenzi vya viambishi kimoja tu kwa kila kundi. Binamu nitumie la kwako la irabu moja kila upande ili nilijaribu pia, kama umeshalipatia jibu.

Binamu_Soweto:
Bado nalipanga. Nina herufi 11.